Mdogo wangu kapata x = -2, karatasi ya majibu inasema x = 2. Kakosea mstari gani?

Dada wa Kihonda

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha pili, kanitumia kwa Wasapu picha ya daftari lake la kazi za nyumbani za tuisheni. Swali linataka kutafuta x. Yeye kapata x = -2, karatasi ya majibu waliyogawiwa inasema x = 2. Msahihishaji kapiga kosa jekundu chini kabisa penye jibu, hakuandika neno lingine.

Picha ina kivuli, kwa hiyo nimeinakili hapa mstari kwa mstari kama alivyoandika. Namba za pembeni nimeweka mimi ili tuelewane.

```
Swali:  x/(x-2) - (x-1)/(x+1) = 6/(x² - x - 2)

(1)  x/(x-2) - (x-1)/(x+1) = 6/((x-2)(x+1))
(2)  x(x+1) - (x-1)(x-2) = 6
(3)  x² + x - x² - 3x + 2 = 6
(4)  -2x + 2 = 6
(5)  -2x = 4
(6)  x = -2
```

Kwa haraka nimeona ni alama tu ya mwisho, yaani -2 ilitakiwa iwe 2, kosa liko mstari wa (6). Lakini nikikaa kumweleza jinsi ya kugawanya -2x = 4 hadi itoke 2 chanya, sioni njia. Naomba mnionyeshe kosa la kwanza liko wapi na jibu sahihi ni lipi. Anataka kujua kabla ya kipindi cha Jumamosi.

Kibatari

Dada, kosa lipo juu kabisa, mstari wa (1). x² - x - 2 inavunjwa kuwa (x+2)(x-1). Dogo kageuza alama. Kuanzia hapo kila kitu kimeharibika, usihangaike na mistari ya chini.

Chaki Nyeupe

Kibatari, hapo umemwonea mtoto. Fungua mabano yako uone: (x+2)(x-1) inatoa x² + x - 2, katikati kuna kujumlisha. Ya kwake, (x-2)(x+1), inatoa x² + x - 2x - 2, yaani x² - x - 2. Ndiyo iliyo kwenye swali. Kama hutaki kufungua mabano, weka namba. Chukua x = 3: x² - x - 2 ni 9 - 3 - 2 = 4. Ya mtoto ni 1 × 4 = 4. Ya kwako ni 5 × 2 = 10. Mstari wa (1) uko salama.

Dada wa Kihonda, na mstari wa (6) nao uko salama. Ukigawa 4 kwa -2 unapata -2, hakuna namna nyingine. Kinachotupoteza ni kwamba jibu lake na la karatasi zinafanana sura, zimetofautiana alama tu, na jicho linakimbilia kusema alama imeponyoka mwishoni. Kufanana huko ni bahati mbaya ya namba za swali hili. Msahihishaji akiangalia majibu mawili tu bila kupita katikati, atamwambia mtoto "angalia alama yako ya mwisho", na mtoto ataanza kugawanya vibaya kitu alichokuwa anakigawanya vizuri.

Njia ya uhakika ni kuanza juu na kushuka. Nimalize kula nirudi.

Baharia wa Kigamboni

Mimi nimefanya tangu mwanzo bila kuangalia ya dogo. x(x+1) + (x-1)(x-2) = 6, inakuja x² + x + x² - 3x + 2 = 6, halafu 2x² - 2x - 4 = 0, gawa kwa 2, x² - x - 2 = 0. Majibu ni mawili, x = 2 au x = -1. Kwa hiyo karatasi ya majibu imesahau moja, na dogo kakosea kwa sababu alitakiwa apate mlinganyo wa kipeo cha pili, yeye x² zake zimefutana.

Dada wa Kihonda

Baharia, kati ya sehemu mbili za kushoto ni kutoa. Nimeikuza picha na nimempigia simu kumuuliza, kasema ni kutoa na hata kwenye karatasi ya maswali ni kutoa.

Baharia wa Kigamboni

Sawa, ni kutoa. Kwenye simu yangu kale kamstari kana doa juu. Lakini basi x² zinafutana kweli na linabaki jibu moja.

Mzee wa Hoja

Naona mnazunguka. Sisi tulifundishwa MAGAZIJUTO shule ya msingi na haijawahi kuniangusha. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Dogo kazidisha mabano (x-1)(x-2) kapata x² - 3x + 2, sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba mbele ya mabano yale kulikuwa na alama ya kutoa, na yeye ameigonga kwenye x² peke yake. Ile -3x ilitakiwa igeuke +3x, na +2 igeuke -2. Kosa ni mstari wa (3), basi.

Ukirekebisha:

```
x² + x - x² + 3x - 2 = 6
4x - 2 = 6
4x = 8
x = 2
```

Jibu 2, kama karatasi inavyosema. Mada imefungwa, dada mpelekee mdogo wako.

Dada wa Kihonda

Asante sana mzee wangu, mstari wa (3) sasa nauona. Ila mdogo wangu anauliza, MAGAZIJUTO si inasema mabano kwanza? Yeye anasema alianza na mabano, akazidisha, mabano yakaisha, ndipo akashusha ile kutoa kama ilivyokuwa.

Chaki Nyeupe

Hapo mdogo wako kasema hasa kilichotokea kichwani mwake, na ni swali zuri kuliko jibu lenyewe. Mwambie hivi: (x-1)(x-2) ni mabano mawili ila ni kitu kimoja kinachotolewa. Ukishazidisha, kile kitu hakijaacha kuwa kimoja. Kwa hiyo mabano mawili yanaisha na yanazaliwa mabano mapya mamoja makubwa. Kati ya mstari wa (2) na wa (3) ulikosekana mstari huu:

```
x² + x - (x² - 3x + 2) = 6
```

Mwanafunzi anayeuandika huo mstari mara chache sana hukosea. Anayeuruka anafanya kazi mbili kwa mpigo, kuzidisha na kugeuza alama, na akili ikimaliza ile ngumu inasahau ile nyepesi. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili kwa miaka mingi na pale penye sehemu mbili zenye kutoa katikati ndipo ninapotazama kwanza. Palipo na kujumlisha katikati, wanapita bila jasho.

Sasa njia ya kumpata huyu mwizi bila kubahatisha. Mstari wa (2) kwenda wa (3) mtoto hakuhamisha kitu wala kugawa, alifungua mabano tu. Kwa hiyo upande wa kushoto wa (2) na wa (3) lazima uwe na thamani ileile kwa x yoyote utakayoweka. Weka x = 1. Mstari wa (2): 1 × 2 kutoa 0 × (-1), yaani 2. Mstari wa (3): 1 + 1 - 1 - 3 + 2, yaani 0. Mbili na sifuri, umemkamata. Endelea kushuka: (3) na (4) kwa x = 1, zote zinatoa 0, kwa hiyo kukusanya kwake ni sahihi. (4) kwenda (5) katoa 2 pande zote, sawa. (5) kwenda (6) kagawa kwa -2, sawa. Kosa la kwanza ni (3), na baada ya hapo hakukosea tena popote.

Mzee wa Hoja umeliona kosa sawasawa. Ila usimfungie mada. Hilo jibu 2 bado lina kesi, nitalirudia.

Binti Takwimu

Mwalimu Chaki, mimi huwa natumia njia fupi zaidi ya hiyo. Nachukua jibu la mwanafunzi mwenyewe na kulipandisha kutoka chini. Hapa x = -2. Mstari wa (5): -2 × -2 = 4, kweli. Mstari wa (4): 4 + 2 = 6, kweli. Mstari wa (3): 4 - 2 - 4 + 6 + 2 = 6, kweli. Mstari wa (2): (-2)(-1) - (-3)(-4) = 2 - 12 = -10, na kulia ni 6. Uongo! Kwa hiyo mahali ukweli unapogeuka uongo ndipo penye kosa, kati ya (2) na (3). Huhitaji kujua hata kufungua mabano, unahitaji kikokotoo tu.

Chaki Nyeupe

Binti, nzuri sana na mimi naitumia, hasa nikiwa na rundo la madaftari. Ila ujue inakuonyesha nini. Ukipanda kutoka chini unakutana na kosa la mwisho kabla ya jibu, siyo la kwanza. Hapa yamekuwa mamoja kwa sababu mtoto ana kosa moja tu kwenye hesabu yake.

Tuseme angekosea pia kwenye (5), badala ya -2x = 4 akaandika -2x = 8, akapata x = -4. Unapanda na -4: mstari wa (5) ni kweli, 8 = 8. Mstari wa (4) ni 8 + 2 = 10, siyo 6. Unasimama hapo unasema kosa ni (5), na mstari wa (3) unabaki umejificha. Ukimrekebishia (5) peke yake, anarudi kwenye -2 na bado kakosa. Dada kauliza kosa la kwanza, kwa hiyo ni lazima kushuka kutoka juu.

Na hata kushuka kuna mahali kunaweza kukudanganya. Mstari sahihi ulitakiwa uwe 4x - 2 kushoto, yeye kapata -2x + 2. Hizo mbili zinalingana mahali pamoja tu, x = 2/3. Namba nzima yoyote ingemfichua. Zingekuwa za kipeo cha pili zingeweza kulingana mahali pawili, kwa hiyo hapo jaribu namba tatu. Mimi naepuka 0 nikiwa naanza, kwa sababu 0 inaua kila chenye x, na kosa lililokaa kwenye vyenye x halionekani.

Fundi Umeme Tanga

Samahani naingilia, mimi nina ya kwangu inayofanana. Mtoto wa kaka yangu alikuwa na hii:

```
(2x+1)/3 - (x-2)/4 = 2
8x + 4 - 3x - 6 = 24
5x = 26
x = 26/5
```

Mwalimu wake aliandika "kuzidisha KDS" na kumpiga kosa. Tukahangaika na KDS ya 3 na 4 usiku mzima, ni 12, tunarudia ni 12. Sasa nikisoma hapa naanza kuhisi KDS haikuwa na shida.

Binti Takwimu

Fundi, KDS yenu iko sawa. Ni ugonjwa uleule wa mdogo wake dada. Ilikuwa 4(2x+1) - 3(x-2) = 24, na -3 mara -2 ni +6. Inakuwa 8x + 4 - 3x + 6 = 24, 5x = 14, x = 14/5. Jaribu: 2.8 mara 2 jumlisha 1 ni 6.6, gawa kwa 3 ni 2.2. Halafu 0.8 gawa kwa 4 ni 0.2. Ukitoa unapata 2. Hiyo 26/5 yenu ukiiweka inatoa 3.8 kutoa 0.8, yaani 3.

Fundi Umeme Tanga

Kwa hiyo hata hapa ni kile kitu cha mwalimu, mstari wa sehemu nao ni kama mabano. x - 2 yote imekaa juu ya 4, kwa hiyo yote inatolewa. Ungekuwa hapa Tanga ningekuja kukufungia taa bure. Mtoto alishaanza kusema KDS haielewi, kumbe anaielewa.

Mzee wa Hoja

Turudi kwa dada. Mwalimu Chaki anasema 2 ina kesi. Kesi gani? Nimeiweka kwenye mstari wa (2): 2 × 3 kutoa 1 × 0 ni 6, na kulia 6. Imekaa. Karatasi ya majibu inasema 2. Mimi nimepata 2. Tunatafuta nini tena?

Dada wa Kihonda

Mzee wangu, nimeijaribu 2 kwenye swali lenyewe kwa kikokotoo cha mdogo wangu. Kinaandika `Math ERROR`. Nimerudia nikidhani nimebonyeza vibaya, kinaleta hivyohivyo.

Chaki Nyeupe

Kikokotoo kiko sawa, dada. Angalia asili ya sehemu ya kwanza, x - 2. Ukiweka 2 inakuwa 0. Upande wa kulia vilevile, x² - x - 2 inakuwa 4 - 2 - 2 = 0. Unagawa kwa sifuri pande zote mbili. Jibu la mlinganyo ni namba ambayo ukiiweka kwenye swali, kushoto na kulia zinalingana. Kwa x = 2 hakuna kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna cha kulingana.

Mzee wa Hoja, ulijaribu kwenye mstari wa (2), na huko inakaa kweli. Lakini swali siyo mstari wa (2). Kutoka (1) kwenda (2) mtoto alizidisha pande zote kwa (x-2)(x+1) ili kuondoa sehemu. Ukizidisha pande zote kwa kitu ambacho kinaweza kuwa sifuri, unaweza kukaribisha majibu ambayo hayakuwepo, kwa sababu sifuri inalinganisha chochote na chochote. Kwa hiyo kuanzia mstari wa (2) tunafanya kazi kwa sharti: x isiwe 2 wala -1. Ukifika mwisho na kukuta 2, sharti linaikataa. Hakuna x nyingine iliyobaki. Mlinganyo huu hauna jibu.

Nawaelewa wanaotilia shaka, maana mtu anaweza kudhani tunakataa 2 kwa sheria ndogo tu ya darasani, na kwamba "karibu na 2" mambo yanakaa sawa. Hayakai. Hamisha kila kitu kushoto, uweke kwenye asili moja:

```
x/(x-2) - (x-1)/(x+1) - 6/((x-2)(x+1))
   = (4x - 8)/((x-2)(x+1))
   = 4/(x+1)
```

Hiyo 4x - 8 ni 4(x-2), inafutana na x - 2 ya chini, kwa x yoyote ambayo siyo 2. Inabaki 4/(x+1). Hii ndiyo tofauti kati ya kushoto na kulia. Ili pande zilingane inatakiwa iwe 0, na 4 ukiigawa kwa namba yoyote hupati 0. Weka x = 3: kushoto 2.5, kulia 1.5, tofauti 1, ambayo ni 4/4. Sogea karibu na 2, weka 2.1: kushoto takriban 20.65, kulia takriban 19.35, tofauti takriban 1.29. Pande zote zinapaa juu unavyoikaribia 2, na mwanya kati yao hauzibi, unaelekea 4/3.

Baharia, na wewe ulipoisoma kwa kujumlisha ulipata 2 na -1. Zote mbili zimekatazwa na sharti hilohilo. Kwa swali lako tofauti ya pande mbili ni 2 daima, x yoyote uweke. Nalo halina jibu.

Baharia wa Kigamboni

Nimejaribu x = 0 kwenye ile ya kwangu. Kushoto 0 jumlisha -1, yaani -1. Kulia 6 gawa kwa -2, yaani -3. Tofauti 2 kweli. x = 3, kushoto 3.5, kulia 1.5. Tena 2. Hili swali limetengenezwa na mtu mwenye nia.

Mzee wa Hoja

Mwalimu, hoja yako naielewa na ya kikokotoo siwezi kuipinga. Lakini mimi nafikiri upande wa mtoto. Karatasi ya majibu inasema x = 2. Jumamosi atakaa mbele ya mtu mwenye hiyo karatasi. Akiandika "hakuna jibu" atapigwa kosa. Inawezekana vilevile swali limechapwa vibaya, ile 6 ilikuwa namba nyingine. Kwa nini mtu amtungie mtoto wa kidato cha pili swali lisilo na jibu?

Chaki Nyeupe

Inawezekana. Tuijaribu hiyo hoja yako. Acha kushoto kama kulivyo, juu ya sehemu ya kulia weka namba yoyote, tuiite k. Inakuja 4x - 2 = k. Ili ipatikane x = 2 iliyokatazwa, k lazima iwe 6. Ili ipatikane -1, k lazima iwe -6. Namba nyingine zote ziko huru. Ingekuwa 10, x ni 3, na ukiiweka kushoto ni 3 - 0.5 = 2.5, kulia 10/4 = 2.5. Jibu safi.

Kwa hiyo kati ya namba zote, 6 imeangukia mojawapo ya mbili zinazoharibu. Hapo naona ama mtunzi alikusudia mtego na aliyeandaa karatasi ya majibu akautumbukia, ama mtunzi alichukua namba yoyote, akakokotoa hadi x = 2 ikatoka nzuri, hakurudi kuipima. Mimi naegemea la pili, kwa sababu angekusudia mtego karatasi ingesema hakuna jibu. Ila siwezi kuapa.

Njoro Juu

Niwasalimu kutoka Nakuru. Nimefuatilia na nina swali kwa mwalimu Chaki kuhusu kuweka alama. Huku kwetu mpango wa kusahihisha huwa na M1 za njia na A1 za jibu. Huyu kijana mstari wa (2) wake ni njia nzuri, nitampa. Mstari wa (3) nampokonya. Kuanzia (4) hadi (6) amefuata kosa lake kwa uaminifu. Lakini kitu kinanisumbua: hakuandika popote kwamba x isiwe 2 wala -1. Je, kosa lake la kwanza si mstari wa (2) basi? Maana hapo ndipo alizidisha bila sharti. Mwenzake aliyefungua mabano vizuri akaandika x = 2, kosa lake litakuwa wapi kama siyo hapo?

Chaki Nyeupe

Ndugu Njoro, hapa walimu hatukubaliani hata ndani ya ofisi moja. Mimi nauona mstari wa (2) kama deni. Kuzidisha siyo kosa, kila tunachopata chini yake kinabaki kweli kwa jibu halisi, hakuna jibu linalopotea. Deni ni kupima mwishoni. Mdogo wake dada alifika na -2, na -2 haijakatazwa na sharti, kwa hiyo kutokuandika sharti hakukumdhuru. Kilichomdhuru ni (3). Ila hata yeye angepima -2 kwenye swali angeona kushoto -2.5, kulia 1.5, angejua hapohapo kuna kitu.

Yule mwenzake wa x = 2, kosa lake nitaliweka mstari wa mwisho, pale alipotangaza jibu bila kulipa.

Njoro Juu

Mimi bado nitaliweka kwenye (2). Nikimwambia kijana "kosa ni mstari wa mwisho" ataona ni bahati mbaya ya 2, wakati chanzo ni kuzidisha kwa kitu kisichojulikana kama ni sifuri. Akijua chanzo, ataandika sharti kwenye mstari wa kwanza siku zote. Tofauti yetu si kubwa, ila alama zitatofautiana.

Mzee wa Hoja

Mimi ningempa mwenye 2 alama zote isipokuwa moja. Kazi yote kafanya.

Dada wa Kihonda

Nimekaa naye kwenye simu, karudia mwenyewe na kunitumia picha mpya. Kaandika hivi:

```
x ≠ 2, x ≠ -1
x(x+1) - (x-1)(x-2) = 6
x² + x - (x² - 3x + 2) = 6
x² + x - x² + 3x - 2 = 6
4x - 2 = 6
x = 2, haikubaliki
Mlinganyo hauna jibu
```

Nikamwambia kuhusu karatasi ya majibu na wasiwasi wa mzee wa hoja. Kasema Jumamosi hatabishana, atamwomba mwalimu aiweke 2 kwenye swali ubaoni mbele ya darasa.

Chaki Nyeupe

Afanye hivyo, kwa heshima, na abebe daftari la kwanza pia ili mwalimu aone alikoanzia. Mstari wa tatu hapo ndio niliokuwa nautafuta. Ukitaka kumpa zoezi, mbadilishie ile 6 iwe 10 halafu iwe -6, asikutazame usoni akifanya.

Kibatari

Hiyo ya -6 nimeifanya. 4x - 2 = -6, 4x = -4, x = -1. Asili ya sehemu ya pili ni x + 1, inakuwa 0. Kwa hiyo nayo haina jibu?

Chaki Nyeupe

Haina. Na sasa hamisha kila kitu kushoto kama nilivyofanya juu, uniambie tofauti ya pande mbili inabaki nini baada ya kufutana. Jibu halitakuwa 4/(x+1) safari hii.